Alama Huwekwa Kabla ya Kona

"Hiyo picha imetoka wapi?" Baba aliuliza, na mimi nilikuwa bado sijamaliza kusoma ukurasa wa mwisho.

Tulikuwa tumeketi barazani kwetu mtaa wa Jericho, Nairobi, Jumapili baada ya chakula. Nilikuwa nimemsomea hadithi ya koti la ngozi lililopotea soko la Gikomba asubuhi ile ile belo la mitumba lilipofunguliwa. Watu watatu walishukiwa, wakazungushwa wee, kisha mpelelezi wangu akatia mkono mfukoni, akatoa simu, na kwenye simu palikuwa na picha ya mwizi amevaa koti. Niliona nimemaliza kwa kishindo.

"Picha ilipigwa na mpelelezi," nikajibu.

"Lini?"

"Mapema."

"Mapema gani? Mimi nilikuwa hapa tangu mwanzo. Sikuisikia." Baba akapapasa fimbo yake, akasimama. "Mwaitu, umenichezea karata na moja umeikalia."

Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake. Siku akinikasirikia huniita vilevile, ila sauti inakuwa ya mtu anayemkemea mamake, na hilo si jambo dogo kwa Mkamba.

Lazima nieleze kwa nini nilikuwa namsomea mtu mzima hadithi. Baba aliendesha lori miaka mingi, na popote alipolala njiani alilala na kitabu cha upelelezi. Alipostaafu alivisoma upya vyote, akibishana na waandishi kwa sauti hadi majirani wakadhani ana wageni. Halafu presha ya macho ikamwibia nuru kidogo kidogo, na siku nuru ilipokwisha, ubishi nao ukaisha. Hilo ndilo lililotutisha, Mama na mimi. Baba kipofu tungemzoea. Baba asiyebishana hatukumjua. Aliketi chumbani, akisalimiwa anaitikia, akipewa chai anakunywa, basi. Ukimuuliza anataka ugali au wali anasema chochote. Baba yangu kusema chochote!

Mimi kazi yangu ni kuandika, vitabu vya hadithi vya watoto wa shule, kwa hiyo nikajidai nina dawa. Dawa yenyewe ndiyo hiyo ya koti. Na kabla hajaingia ndani siku ile, Baba akageuka mlangoni.

"Ukitaka kunisomea tena, nisomee. Lakini ukinidanganya mara ya pili, usinisomee kitu tena. Hata gazeti."

Mama alisubiri mlango ufungwe ndipo akaninong'oneza, macho yanamng'aa, "Umesikia? Amegomba!"

Nilikuwa nimesikia. Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja, kwa sababu sasa nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja tu.

Kesho yake nikamfuata chumbani kuomba masharti, maana heri kuyajua mapema. Akanipa darasa la dereva.

"Barabarani, alama ya kona huwekwa kabla ya kona," alisema. "Ikiwekwa mbali sana, ukifika umeshaisahau. Ikiwekwa kwenye kona yenyewe, unaisoma ukiwa mtaroni. Na isipowekwa kabisa, aliyejenga barabara ni muuaji. Mimi sitaki unishike mkono. Nataka nikianguka nirudi nyuma nione alama ilikuwa pale, nijilaumu mwenyewe."

"Na nikiiweka wazi utaiona mara moja."

"Hiyo ni shida yako. Kando ya barabara kuna vitu vingi. Kuna mama anauza machungwa, kuna mbuzi, kuna bango la soda. Mimi nitaangalia mbuzi. Wewe alama yako iwe pale tu."

Nikaenda kuandika. Nikachagua kisa cha mtaa kama wetu, chenye mambo ambayo Baba anayajua bila kuona. Sufuria kubwa ya chama cha kusaidiana cha mtaa inapotea. Kila mtu wa Eastlands anaijua sufuria ya chama, ile ya kupikia pilau ya harusi na chai ya matanga, ambayo watu wawili huibeba kwa masikio na mtoto anaweza kuogea ndani. Katika hadithi yangu huwekwa stoo ya ukumbi wa mtaa, na harusi ikiwa Jumamosi, Alhamisi stoo inafunguliwa na sufuria haipo. Mpelelezi ni mama anayeuza mayai ya kuchemsha. Nilimpenda huyo, kwa sababu muuza mayai huingia kila ua bila kuulizwa anafuata nini.

Washukiwa niliwataja wote mwanzoni kabisa, sehemu ya kwanza, kila mmoja akiwa na shughuli yake. Kulikuwa na mpishi aliyegombana na kamati. Kulikuwa na fundi wa mabati ambaye tangu juzi anagonga bati lake mlango umefungwa. Na kulikuwa na mwalimu wa kwaya, mama nadhifu, anayelalamika kwamba majoho ya kwaya lazima yang'ae siku ya harusi. Huyo wa mwisho ndiye aliyeichukua.

Sababu yake ilikuwa ya kawaida tu. Maji yalitoka mifereji yote Jumatatu, na kila mwenyeji alijua yakienda hayarudi upesi. Yeye ana mitungi miwili midogo na majoho ya kwaya nzima. Akaazima sufuria bila kuomba, akaijaza maji, akaificha chini ya meza yenye kitambaa kinachofika sakafuni, akisema moyoni kwamba atairudisha kabla mtu hajajua. Halafu sufuria ikatafutwa mapema, watu wakaanza kusema mwizi, na aibu ikamfunga mdomo.

Kwa hiyo alama zangu zilikuwa hivi. Mifereji imekauka tangu Jumanne, na hilo nililisema sehemu ya kwanza kama malalamiko ya mpishi, ambaye hajaoga na anawaambia watu wasimkaribie. Majoho yamefuliwa na yanachuruzika kwenye kamba siku ya Alhamisi, na hilo nililiweka kama sifa, watu wakivutiwa na weupe wake. Mwenye mkokoteni wa maji analalamika kwamba nyumba ya kona, kwa mwalimu wa kwaya, hainunui kwake hata tone. Na katikati ya yote hayo, sehemu ya pili, mpelelezi anaingia nyumba ya mwalimu wa kwaya kuuza mayai, na nikaorodhesha vilivyomo: viti na vitambaa vyake, televisheni, kalenda ya kanisa, mitungi miwili midogo, meza na kitambaa chake kirefu, picha ya ubatizo. Mitungi niliiweka katikati ya orodha makusudi, kwa sababu msikilizaji hukumbuka cha kwanza na cha mwisho. Ukiunganisha unapata swali moja: maji ya kufulia majoho yote yale yalikaa wapi?

Nilijiona bingwa. Nikaanza kumsomea Mama, kuijaribu. Nilipofika malalamiko ya mpishi, Mama akaacha kupeta mchele.

"Maji ndiyo yenyewe," akasema.

"Nani kasema?"

"Wewe. Ukifika mahali pa maana unakohoa kwanza. Tangu shule ya msingi. Ukiniambia uwongo ulikuwa unakohoa."

Niliudhika sana, hasa kwa vile nilijaribu tena na koo likanisaliti tena. Na kwa Baba, ambaye sasa anaishi kwa masikio, kikohozi hicho kingekuwa taa nyekundu. Ilinibidi nitafute mtu wa kusoma ambaye hajui mwisho.

Mtu huyo alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mwenye bucha Soko la Burma. Jumapili huja na mutura, ile soseji ya matumbo, kwenye karatasi, anamsalimia Baba kwa sauti ya kuitia wateja. Nilimpa sehemu moja moja, na ya mwisho nikaificha kwangu.

"Niaje mzee! Leo mimi ndio redio," alisema Jumapili ya kwanza, akafuta mikono kwenye suruali. Akasoma vizuri ajabu. Mpishi alimpa sauti ya kukoroma, mwalimu wa kwaya akamfanya aongee puani, na fundi wa mabati alipoingia akagonga meza kwa ngumi hadi chai ikamwagika.

Baba hakucheka. Lakini aliuliza, "Huyo fundi anagonga bati lipi?" na mutura akala vipande vingi kuliko kawaida yake.

Jumapili ya pili alitoka chumbani kabla hajaitwa. Ya tatu tukamkuta barazani amevaa kofia yake ya kazi, na mdomo hauna breki.

"Fundi ni mbuzi," alitangaza. "Wa kuangaliwa na wajinga. Mpishi naye ana hasira mno, mwenye hatia hupunguza sauti."

"Mzee, mimi nasema ni fundi tu. Huyo msee anaikata vipande, anauza majiko," jirani akasema.

"Wewe kata nyama."

Mama alikuwa anamimina chai, na nikamwona anageuza uso, anajipangusa na leso. Nami nilijisikia mwepesi hata nikafanya nisilopaswa kufanya. Nikauliza, kwa ujanja niliodhani ni mkubwa, "Kwani mnakumbuka nyumba ya mwalimu wa kwaya ilivyokuwa?"

"Nyumba ipi?" Baba akauliza. "Muuza mayai aligonga, akanunuliwa mayai, akaondoka."

Nikamtazama jirani. Jirani akatafuna.

"Aah, ile ya viti na vitambaa na nini nini?" akasema. "Hiyo niliruka. Ilikuwa inaboesha, siz. Watu wanataka stori, hawataki kuhama nyumba."

Ningemwambia nini? Nikimkemea mbele ya Baba kwa kuruka orodha ya vyombo, nimeshamtajia Baba mahali pa kuchimba. Nikala mutura usio na ladha, na ndani yangu nikapiga hesabu. Iliyobaki ilikuwa sehemu ya mwisho, ambapo muuza mayai anawakusanya watu ukumbini na kusema, "Nyumba ile ina mitungi miwili tu na meza iliyofunikwa hadi chini." Baba angesikia hayo kwa mara ya kwanza hapo hapo. Ingekuwa picha ya simu tena, yenye sauti nzuri zaidi. Na jirani hakuwa na kosa hata. Kitu kilichofichwa hadi msomaji anakiruka hakijafichwa kwa haki, kimezikwa.

Nilihangaika wiki nzima. Kurudisha orodha na kuomba isomwe upya haikuwezekana. Kuitia mwanzoni mwa sehemu ya mwisho kungekuwa alama kwenye kona yenyewe. Nikaona njia ni kuipasua sehemu ya mwisho na kuandika nyingine ya kutangulia, ili kati ya alama na kona pawe na wiki nzima ya kuwaza. Na safari hii nisimtegemee jirani kuvumilia vitambaa. Nilikuwa nimemchunguza vya kutosha kujua kwamba kuna kitu kimoja hakiruki kamwe, nacho ni kichekesho.

Basi sehemu ya nne muuza mayai anarudi kwa mwalimu wa kwaya kufuata deni dogo la chumvi ya mayai ya siku ile. Hapana mahali pa kukaa, mwenye nyumba anaisogeza mitungi yake miwili kwa mguu, inabingirika kwa kelele kama madebe matupu. Anaweka ndoo ya mayai mezani. Yai moja linabingirika, linaanguka, linapotea chini ya kitambaa kirefu. Muuza mayai anainama kulifuata, na mwalimu wa kwaya anapiga magoti kabla yake, yule mama nadhifu wa kwaya, makalio juu, akisema puani, "Liache, mama, liache, nitalipa yai, nitalipa hata kuku!" Na pale pale, bila nukta ya kupumua, nje mtaa unalipuka: fundi wa mabati amefunguliwa mlango kwa nguvu, na alichokuwa anagonga siku zote ni birika kubwa la zawadi kwa bibi harusi, mtoto wa dada yake, na sasa kila mtu amemharibia siri. Fundi analia machozi.

Fundi alihitaji kusafishwa hata hivyo. Mtu ukimtia shuku kwenye hadithi, una wajibu wa kueleza kelele zake, la sivyo umemtumia kama bango la soda. Lakini niliweka kusafishwa kwake hapo makusudi, ili kishindo chake kilifunike yai.

Jirani alisoma Jumapili iliyofuata. Kwenye "nitalipa hata kuku" aliacha karatasi, akapiga magoti sakafuni kutuonyesha, Mama akacheka hadi akashika ukuta. Kisha fundi akalia, jirani akaapa kwamba fundi ameonewa, na ubishi ukawaka. Nilimwangalia Baba. Hakuwa anacheka na hakuwa anabisha. Alikuwa ameinua kidevu kama alivyokuwa akifanya zamani akisikiliza injini.

Sehemu iliishia muuza mayai akisema, "Nimeshamjua," na kufunga ndoo yake. Hana kitu mkononi ambacho wasikilizaji hawana. Nilitangaza mbele ya wote kwamba sehemu ya mwisho haitaleta ushahidi mpya hata chembe, na mwenye jina alitaje kabla haijasomwa.

Wiki ile sikulala vizuri. Baba hakusema neno juu ya hadithi, na siku mbili alikaa chumbani mlango umefungwa. Mama akaniambia labda amechoka. Nilijua anachonificha: alidhani tumempoteza tena.

Jumapili ilipofika, baraza ilijaa. Jirani alikuwa ameleta wateja wake wawili wa Burma waliosimuliwa hadithi yote wakikatiwa nyama, na hao walikuwa upande wa mpishi. Mama alisema mwenyekiti wa kamati, kwa sababu tu wenyeviti anawajua. Jirani, aliyetolewa fundi mikononi, alihamia kwa mwenye mkokoteni wa maji.

"Mzee je?" akauliza.

Baba alitoka amevaa kofia. Akaketi. Akangoja wanyamaze wote, na mtu aliyewahi kungojwa barazani na kijiji kizima hangefanya vizuri zaidi.

"Mifereji imekauka tangu Jumanne," alisema. "Mpishi ananuka. Mwenye mkokoteni analia kwamba nyumba ya kona hainunui maji. Lakini nyumba ya kona majoho yanachuruzika Alhamisi. Nimekaa chumbani siku mbili nikifua yale majoho kichwani. Mitungi miwili, na yote miwili mitupu, niliisikia ikibingirika. Majoho ya kwaya hayafuliwi kwa mitungi miwili. Maji yalikuwa ndani ya chombo kikubwa, na chombo kikubwa kiko chini ya ile meza aliyoipigia magoti kwa ajili ya yai. Mwalimu wa kwaya. Na si mwizi. Ameshikwa na aibu tu, mrudishieni heshima yake."

Jirani akapiga kelele, "Mzee! Si nilisoma hiyo yote na mdomo wangu!" Akaanza kupekua karatasi zake kurudi nyuma, akikuta kila kitu mahali pake, akijigonga paji la uso. "Iko hapa! Majoho haya hapa! Mzee, wewe ni noma."

Sehemu ya mwisho ilisomwa, lakini kama sala ya kufunga, kila mtu ameshika mlango. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Baba alingoja hadi wageni wakaondoka na Mama akaingia kuosha vikombe.

"Mwaitu."

"Ee, Baba."

"Mitungi ile ilichelewa. Ilikuwa ya sehemu ya pili, kwenye ile ziara ambayo muuza mayai anauza na kuondoka bila kuona chochote. Muuza mayai hawezi kuingia nyumba asione chochote. Palikuwa na shimo pale. Ulikuja kuziba baadaye."

Nikamweleza habari ya jirani na vitambaa. Alicheka, akacheka kicheko kile cha zamani cha lori linalowaka baridi, akakohoa, akacheka tena.

"Alama uliiweka karibu na kona," alisema alipopata pumzi. "Lakini uliiweka. Nisomee gazeti kesho."

Nilidhani hayo ndiyo malipo yangu, na yalinitosha. Nilianza kukusanya viti. Baba akagonga fimbo sakafuni.

"Unaenda wapi? Kaa. Nawe sikiliza sasa. Kulikuwa na lori limetoka bandarini na magunia ya sukari, dereva na taniboi wake wa kupakia na kushusha mizigo. Wakasimama njiani mara mbili. Mara ya kwanza kula. Mara ya pili gurudumu. Walipofika Nairobi gunia moja lilikuwa la mchanga, na turubai haikuwa imefunguliwa. Mimi nilichukua siku mbili chumbani kuipanga, si yako tu nilikuwa nafikiria."

Nikakaa chini, sakafuni, kama mtoto. Akaendelea, taratibu, na mbuzi wake na machungwa yake na askari wa kizuizi. Alieleza hoteli waliyokula, maharagwe, supu, mhudumu mwenye jino la dhahabu. Kisha akasema, "Taniboi alikunywa chai yake akiwa amesimama," lakini kabla ya kusema hivyo alikohoa kidogo.

Mama alitokeza kichwa mlangoni na kikombe chenye povu mkononi. Tukatazamana. Baba alikuwa ameshafika kwenye gurudumu.